Bodaboda ukiwa sheli: niliyowaambia madereva kijiweni

Jamani sogeeni kidogo, sitaongea sana, leo nataka tuangalie kitu kimoja tu, ile dakika moja unayowekewa mafuta, manake sisi wa pikipiki tenki liko katikati ya mapaja na injini ya moto iko chini yake hapo hapo, mwenye gari hana shida hiyo.

Petroli yenyewe haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake. Na ule mvuke unatoka hata kwenye baridi kali, ni mzito kuliko hewa, kwahiyo haupandi juu, unashuka unatambaa chini kwenye injini na miguu yako. Ndo maana ukifika zima swichi, abiria ashuke, na wewe shuka, piga stendi. Najua mnapenda kukaa juu mkihesabu hela, lakini likiwaka utaruka vipi na tenki lipo mapajani?

Sasa tuseme mhudumu kajaza mpaka shingoni, povu likapanda, mafuta yakachuruzika kwenye injini. Wengi hapo wanafunga kifuniko wanapiga stata waondoke, na hapo ndo hatari ilipo, manake stata inatoa cheche, waya wa plagi ukiwa umechubuka nao unatoa cheche, na mvuke umeshajaa pale chini. Usiwashe. Funga tenki, isukume kwa mkono mpaka mbali na pampu, futa kwa kitambaa kikavu, subiri mpaka harufu iishe kabisa, mhudumu naye amwage mchanga pale chini.

Simu nayo mnaniulizaga kila siku. Moto mwingi uliosingiziwa simu, ukichunguzwa unakuta ni umeme tuli, ule unaokurusha ukigusa chuma. Kwahiyo gusa chuma cha pikipiki kabla hujafungua tenki. Ila simu bado iweke mfukoni, ukiwa unabonyeza namba ya kulipia huoni tenki linafurika. Funga kwanza, sogea pembeni, ndo ulipe.

Na ikiwaka je? Mkono wenyewe unataka kuchomoa nozeli, na ukichomoa ikiwa bado inamwaga umeshamwagia moto watu wote waliopo. Mhudumu aachie kile kibanio, nozeli aiache humo humo kwenye tenki, apige kelele swichi kubwa izimwe, wewe kaa mbali. Maji hapana, petroli inaelea juu ya maji inasambaa na moto wake. Ni mtungi wa poda, unapuliza chini kwenye shina la moto upepo ukiwa mgongoni kwako, ukikushinda kimbieni wote mpige 114.

Suruali ikishika usikimbie, lala chini ujiviringishe. Moto ukizimika kidonda kiwekwe kwenye maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili, sio dawa ya meno wala asali, halafu hospitali.