Homa ya Machi 20: mhadhara kuhusu taarifa moja ya madhara ya dawa
(Ulitolewa Mbeya mjini kwa matabibu, wauguzi na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu)

Kamwene kwa mliotoka Iringa na Njombe. Wa Rungwe na Kyela tulishasalimiana mlangoni. Niliombwa nizungumzie fomu ya njano, ile ya kutoa taarifa za madhara ya dawa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Fomu yenyewe mnaijua, imebandikwa ukutani katika vituo vingi na vumbi lake pia mnalijua. Kwa hiyo sitaisoma kipengele kwa kipengele. Nitawapa taarifa moja tu, niliyoiandika mwenyewe, tena niliyoianza vibaya. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mgonjwa asitambulike.

Ni mama wa miaka 31, mkulima wa kahawa wilayani Mbozi, kilo 54. Ana kifafa. Mnajua kifafa huku kwetu kina vyanzo vingi, na kimojawapo ni mabuu ya tegu wa nguruwe kukaa kwenye ubongo, lakini hilo si la leo. Aliletwa hospitali Machi 24 midomo imechubuka, macho mekundu hayafunguki, kifuani na mgongoni ana madoa ya wekundu uliokolea yaliyoanza kuwa malengelenge. Ukiigusa ngozi kwa kidole inateleza. Tabibu wa zamu alikadiria eneo lililobanduka kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Kiganja pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi, akapata 8. Chini ya 10 tunauita ugonjwa wa Stevens-Johnson. Ingezidi 30 tungeuita kwa jina jingine, na uwezekano wa kufa ungekuwa mkubwa zaidi.

Mume alikuwa mlangoni, ameshika kofia. Nikamuuliza, "Shemeji, ametumia dawa gani?" Akajibu, "Septrini, daktari. Alinunua dukani, siku iliyofuata akaanza kutoka madoa." Kila aliyekuwa wodini aliitikia kwa kichwa. Septrini ndiyo kotrimoksazoli, ina salfa, na salfa kuchubua ngozi ni jambo tulilofundishwa sote. Nikaandika: "Mgonjwa amepata mzio mkali baada ya kutumia kotrimoksazoli." Sentensi moja. Nikaridhika kabisa.

Kwa kiwango cha chini, taarifa ile ilikuwa imetimia. Vinatakiwa vitu vinne: mgonjwa anayeweza kutofautishwa na wengine (herufi za kwanza za majina, umri na jinsi vinatosha, jina kamili halihitajiki), mtoa taarifa anayeweza kupigiwa simu, dawa inayoshukiwa, na dhara lenyewe. Vyote vilikuwemo. Ila dawa niliyoishuku haikuwa yenyewe.

Aliyenizindua ni muuguzi, si mimi. Alimwambia mume, "Baba, nenda nyumbani ukalete mfuko wote wa dawa, hata zilizoisha." Mfuko ulikuja jioni. Ndani mlikuwa na kotrimoksazoli, parasetamoli, na kibahasha cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu: kabamazepini miligramu 200, 1×2. Mume hakuitaja kwa sababu kwake ile haikuwa "dawa ya ugonjwa huu", ilikuwa dawa ya kifafa. Ukimuuliza mtu ametumia dawa gani, anakujibu ya juzi. Muulize ya kila siku, ya sindano, ya mitishamba, ya kuazimwa kwa jirani, moja baada ya nyingine. Mama huyu alikuwa pia kwenye sindano ya uzazi wa mpango kwa zaidi ya mwaka bila shida yoyote. Mitishamba alikataa. Nikaandika kwamba amekataa, kwa sababu nafasi tupu kwenye fomu haimwambii msomaji kama uliuliza.

Sasa tarehe, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo kesi ilipogeukia.

Wagonjwa wetu hawatunzi tarehe, wanatunza matukio. Kabamazepini alipewa siku ya kliniki ya kifafa, na daftari la kliniki likasema Machi 4. Wiki ya kwanza alimeza kidonge kimoja usiku, kisha kuanzia Machi 11 vidonge viwili kwa siku. Dukani alikwenda lini? Mume akasema siku ya gulio, Jumatatu, nayo ni Machi 21. Nikauliza swali ambalo sikuwa nimeliuliza mwanzo: "Na homa ilianza lini?" Akafikiri. "Jumapili hakwenda kanisani. Alisema koo linauma na macho hayataki mwanga."

Jumapili ni Machi 20. Kotrimoksazoli ni Machi 21.

Ugonjwa wa Stevens-Johnson hauanzi na ngozi. Kwa kawaida unatangulia kwa homa, koo kuuma na macho kuwasha, siku moja hadi tatu, ndipo madoa yatokee. Kwa hiyo siku ya kwanza ya dhara si ile ya madoa, Machi 22. Ni ile ya homa, Machi 20. Na siku hiyo kotrimoksazoli ilikuwa bado kwenye rafu ya duka. Mama aliinunua kwa sababu ya homa ambayo tayari ilikuwa mwanzo wa dhara. Matokeo yalisingiziwa kuwa chanzo. Tangu siku hiyo nimeliona kosa hili mara nyingi kuliko jingine lolote: dawa ya mwisho kumezwa ndiyo inayobebeshwa lawama, kumbe imemezwa kutibu dalili za kwanza za madhara ya dawa nyingine.

Upande wa pili, kuanzia Machi 4 hadi 20 ni siku 16. Ugonjwa huu kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 4 na 28 tangu dawa mpya ianze, na kabamazepini ni miongoni mwa dawa zinazojulikana sana kuusababisha, hasa katika miezi miwili ya kwanza. Inaingia pale pale.

Kuna mwenzetu atasema, lakini aliyewahi kudhurika na salfa anaweza kudhurika tena ndani ya siku moja au mbili. Kweli, na ndiyo maana tuliuliza. Katika ujauzito wake alimeza SP kliniki, nayo ina salfa, hakupata kitu. Lakini hata asingekuwa na historia hiyo, dawa haiwezi kuleta homa ya jana yake.

Taarifa ya pili, iliyotumwa Machi 25, ilisomeka hivi:

"Mwanamke, miaka 31, kilo 54, si mjamzito. Machi 4 alianza kabamazepini ya kumeza kwa ajili ya kifafa, mg 200 mara moja kwa siku, kuanzia Machi 11 mara mbili. Machi 20 homa, koo na macho kuuma. Machi 21 kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha malaria. Alianza kotrimoksazoli na parasetamoli. Machi 22 madoa kifuani, aliendelea na dawa zote. Machi 23 malengelenge na vidonda vya mdomo. Machi 24 alilazwa, ngozi iliyobanduka takriban asilimia 8, dawa zote zikasitishwa. Dawa inayoshukiwa: kabamazepini. Dawa nyingine: kotrimoksazoli na parasetamoli (zote baada ya dalili ya kwanza), sindano ya uzazi wa mpango kwa zaidi ya mwaka. Dhara ni kubwa: amelazwa, maisha yako hatarini. Hali ya sasa: hajapona."

Imekaa nusu ukurasa. Haina neno "mzio". Nimeeleza kilichoonekana, siku kwa siku, ili anayesoma Dodoma apime mwenyewe. Na sikuficha kotrimoksazoli. Dawa unayoamini haina hatia iandikwe pamoja na tarehe yake, tarehe itaitetea.

Namba ya toleo ilinishinda. Kibahasha cha karatasi hakina mtengenezaji, hakina toleo, hakina mwisho wa matumizi. Nilikwenda kwenye leja ya stoo ya kituo kilichomhudumia, nikakuta Machi 4 makopo mawili ya matoleo tofauti yalikuwa wazi kwa wakati mmoja. Nikaandika namba zote mbili na kusema haijulikani lipi. Kwa ugonjwa huu toleo halina uzito sana, kwa sababu ni mwili wa mgonjwa kuikataa dawa iliyo sahihi. Lakini huwezi kujua mapema. Mwaka 2015 kaskazini-mashariki mwa Kongo watu walijaa vituoni shingo na nyuso zimekakamaa, na vidonge vya manjano vilivyouzwa kama diazepamu vilipopimwa vilikutwa ni haloperidoli. Pale jibu lilikuwa ndani ya kopo. Kwa hiyo ukigawa kwenye bahasha, andika namba ya toleo nyuma yake. Ni sekunde kumi.

Baada ya kusitisha dawa, mama alizidi kuumwa kwa siku tatu. Ndugu wakaanza kunong'ona kwamba basi si dawa. Kabamazepini kwa mtu aliyeianza karibuni hutoka mwilini polepole, nusu yake tu huchukua zaidi ya siku moja kuondoka, na ngozi iliyokwisha kuumia inaendelea kubanduka. Madoa mapya yalikoma Machi 27. Alitoka wodini Aprili 8. Nikatuma nyongeza kwa kumbukumbu ile ile ya taarifa ya Machi 25: anaendelea kupona, macho makavu, amepangiwa kliniki ya macho. Msipotuma nyongeza, kwenye kumbukumbu mgonjwa wenu atabaki "hajapona" milele.

Kwa mizani ya Shirika la Afya Duniani uhusiano huu unaangukia kwenye "yamkini". Hauwezi kufika "hakika", kwa kuwa njia ya kuuthibitisha zaidi ingekuwa kumpa tena dawa ile ile, na hilo kwa ugonjwa huu halifanywi na mtu mwenye akili timamu. Fomu haikudai uhakika hata hivyo. Imeandikwa "inayoshukiwa".

Niwaambie ile sentensi yangu ya kwanza ingefanya nini. Kwenye kadi yake ingeandikwa "mzio wa salfa". Angetoka wodini, na kwa kuwa kifafa hakijaondoka, siku ya kliniki angepewa kibahasha kile kile. Hata ambaye angeshtuka na kumbadilishia angeshika kilichopo rafuni, fenobabitoni au fenitoini, na hizo mbili ni ndugu wa kabamazepini kwa umbo. Aliyedhurika na moja anaweza kudhurika na nyingine. Valproeti si ya ukoo huo, ila kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ina hatari yake kubwa kwa mtoto. Tulihangaika wiki nzima hadi levetirasetamu ikapatikana.

Kadi yake sasa inasomeka: "Kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni: asipewe." Ameifunga kwenye plastiki, anaiweka pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

Haya, maswali. Mama wa Kyela, umenyoosha mkono tangu nilipotaja bahasha.