Barua kwa mpangaji anayechelewa kulipa
Mhadhara kwa wenye nyumba, komuni ya Katuba, Lubumbashi

Bababa na bamama, jambo yenu. Kazi yangu mnaijua: ninawaandikia watu barua. Mwaka jana, mwezi wa 10, mama mmoja aliniletea ya kwake nimsafishie. Ilikuwa hivi: "Umenichosha. Lipa falanga zangu ama utoke. Siku tatu."

Nikamuuliza, mama, anakudai ngapi, yaani wewe unamdai ngapi? Akasema, "Yeye mwenyewe anajua." Na tarehe ya kulipa? Kontra inasema tarehe 5 ya kila mwezi. Lakini tangu mwezi wa 5 mama alikuwa anapokea tarehe 17, mara tarehe 20, na kila mara anatoa resu bila kusema neno. Hapo ndipo penye shida. Siku mpangaji atakapoitwa, ataweka zile resu mezani na kusema: mama alishakubali tarehe hizi, sahihi yake ndiyo hii.

Kwa hiyo barua yetu ilianza na tarehe, kabla ya deni:

"Tulikubaliana katika kontra yetu kwamba kodi, dola 150, inalipwa kabla ya tarehe 5 kuisha. Miezi iliyopita nilipokea baada ya tarehe hiyo ili kukusaidia. Haikuwa kubadilisha kontra. Kuanzia Novemba tunarudi kwenye tarehe 5."

Ile sentensi ya katikati ndiyo inayobeba barua nzima. Inakiri kilichotokea, halafu inakifunga. Ukiificha, yeye ataifunua.

Halafu hesabu, mwezi kwa mwezi. Agosti alilipa 100, imebaki 50. Septemba hakuna kitu, 150. Oktoba imepita tarehe yake, 150 tena. Jumla dola 350. Usiandike "miezi karibu mitatu". Mpangaji ana haki ya kubishana na mstari mmoja, na akibishana na Agosti peke yake, Septemba na Oktoba zinabaki zimesimama.

Najua mtaniuliza kuhusu garanti. Mpangaji huyu naye alisema: kateni mule. Garanti yake ilikuwa dola 450, miezi mitatu, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa kwa nyumba ya kulala na sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Haya, kata 350. Imebaki 100, na mtu bado yumo ndani. Siku akiondoka na mlango umevunjika na fakitire ya SNEL iko nyuma, utamlipisha na nini? Tukaandika kwamba garanti itahesabiwa siku ya kurudisha ufunguo, si leo.

Njia za kulipa tuliweka mbili tu. Ya kwanza: dola 350 zote kabla ya tarehe 25 Oktoba. Ya pili: dola 150 za Oktoba kabla ya tarehe 20, na zile 200 za nyuma zigawanywe mara nne, dola 50 juu ya kodi ya kila mwezi, kuanzia Novemba 5 hadi Februari 5. Maana yake analeta 200 kila mwezi kwa miezi minne. Kabla ya kuandika nilimwuliza mama kama yule bwana anaweza kupata 200. Ahadi isiyowezekana ni karatasi ya kufungia karanga.

Mama alitaka tuongeze kwamba atatoa mabati. Nikakataa. Mabati, kukata moto, kutupa vyombo barabarani bila hukumu, hayo yanakugeuza wewe kuwa mshitakiwa. Tuliandika tu kwamba akikaa kimya tutaenda kwa watu wa abita watupatanishe, na ikishindikana, tribinali de pe.

Kopi zilikuwa mbili. Mpangaji alitia sahihi na tarehe kwenye kopi ya mama, akazungusha "njia ya pili" kwa biki. Angekataa kusaini, tungempelekea mbele ya shahidi, jirani asiyekula upande wowote.

Tarehe 19 akatuma pesa kwa simu, 150 kamili. Mama akaenda kuzitoa, wakamkata ada, akapata pungufu ya 150. Akarudi kwangu analalamika kwamba bado anadaiwa, yaani bado anamdai yule bwana. Kosa lilikuwa langu: barua haikusema ada ya kutoa ni ya nani. Siku hizi ninaandika: "pesa inahesabiwa imelipwa kwa kiasi kinachofika mkononi mwangu."