"Sawa, daktari"

Jamani, sisi tunaotibu kwa tiba ya skima, kuna neno moja la wateja wetu linaniudhi, na leo mtanivumilia tena. "Sawa." Mnaniletea faili mmeandika "mteja anatoa ushirikiano mzuri". Kwa mtu aliyezoea kukwepa watu maisha yake yote, mimi nikisoma hivyo naingiwa na wasiwasi.

Chukueni Saidi. Si jina lake, na mengine nimeyabadilisha. Mhasibu, miaka 34, chakula cha mchana anakulia stoo, mlango kaurudishia. Kwangu alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, miezi mitano. Nikamwambia afumbe macho, arudi darasa la 4, siku aliposoma vibaya ubaoni wakamcheka, na nyumbani baba naye akamwongezea. Akafumba, akasimulia vizuri kabisa. Nikajiona fundi! Nikamuuliza kifuani anasikia nini. "Kawaida tu, daktari."

Kumbe mtoto aliyeumia sikuwa nimekutana naye hata siku moja. Nilikuwa naongea na walinzi wake. Ichoreni hivi: chini kabisa kuna skima, imani aliyoibeba tangu utotoni, na kwake ni ya kasoro na aibu, yaani "wakinijua watanikimbia". Ikiguswa, mzazi mwadhibu, ile sauti ya ndani ya kumlaumu, anafoka kichwani, mtoto anaumia, na kabla hajalia walinzi wameshaingia. Mmoja anampeleka stoo, wa pili anazima hisia, wa tatu anasema "sawa" ili umwache. Huyo wa tatu ndiye anayetudanganya.

Najua mtasema, kwetu kunyamaza ni heshima. Ni kweli, lakini mwenye heshima anajua pa kusema. Saidi alinyamaza hata alipokatwa mshahara kimakosa. Akapata nafuu kwa saa moja, kisha akajichukia wiki nzima. Hiyo si adabu.

Nikavuta kiti kingine, nikamwomba akae pale awe mlinzi. Nikamuuliza mlinzi, umemlinda tangu lini? Kimya kirefu. "Tangu ubaoni." Mkoba ukashuka sakafuni. Hapo ndipo tiba ilipoanza.

Sasa malezi mbadala, yaani mtabibu kumpa mteja kidogo ya malezi aliyoyakosa utotoni. Jeffrey Young, mwanzilishi wa tiba ya skima, aliyaita yenye mipaka, na ninyi mnalisahau neno la mwisho. Nilimruhusu Saidi anitumie ujumbe katikati ya wiki. Asipokuja, nampigia mimi. Akanizoea, akacheka, akaanza hata kunitania. Na stoo? Bado anakula humo! Nilikuwa nimempa stoo ya pili, yenye feni. Upole wangu ulimwonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kumjua asimkimbie. Wenzake wa ofisini haukuwagusa. Hilo alipaswa kulipata kwao: dakika 10 mezani, sentensi moja ya kwake, kisha turudi kwenye kiti tumsikilize mzazi mwadhibu kasemaje. Simu nikaacha kupiga. Akakasirika, akaniambia usoni. Nilifurahi, maana hiyo haikuwa "sawa".

Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2014 kuhusu tiba hii ulitumia vikao 50, vya mwisho 10 vikiwa vya mbali mbali. Ninyi mnataka 12. Kuhusu kuagana na mteja tiba ikiisha nilikuwa na mengi, ila mwenyekiti ananionyesha saa.