Kutoka Kurasa 64 hadi Karatasi Moja: Muhtasari wa Mpango wa Dharura kwa Kiongozi wa Timu

*Mhadhara uliotolewa Goma mbele ya viongozi wa timu wa vyama vya akiba na mikopo*

Mabibi na mabwana, waheshimiwa wakuu wa gishe na wa matawi,

Mpango wa kuendeleza kazi wakati wa dharura ambao nitautolea mfano leo una kurasa 64, na nakala yake imefungiwa kabatini kwa meneja. Mkuu wa gishe hahitaji kurasa zote hizo. Anahitaji karatasi moja ya kumwambia ampigie nani, mfumo gani utangulie kurudi, na kila mfumo urudi kabla ya saa ngapi kupita. Kuiandika karatasi hiyo si kazi ya kunakili, kwani anayefupisha kwa makini hugundua makosa ambayo mwandishi wa mpango hakuyaona.

Tuanze na orodha ya mawasiliano. Katika chama kimoja nilichokihudumia tulizipiga namba zote 14 zilizomo kwenye mpango, na 5 hazikupatikana. Mbaya zaidi, mbili kati ya hizo zilikuwa za fundi wa seva na za msaidizi wake, yaani nafasi ile nzima haikuwa na mtu. Sisi wa Goma tuna sababu yetu ya pekee ya kuwa waangalifu hapa. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na hasa baada ya amri ya tarehe 27 ya kuhama sehemu ya mji, wengine walielekea Sake, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu, wengine wakavuka mpaka hadi Gisenyi. Aliyevuka huenda akaweka laini ya Rwanda, na namba yake inayoanza na +243 ikanyamaza. Kwa hiyo mbele ya kila jina naweka namba za mitandao miwili tofauti, ile ya +250 kama anayo, na upande ambao familia yake hukimbilia. Msaidizi achaguliwe miongoni mwa wasiokaa mtaa mmoja na mkuu wake. Namba hizo ni za siri za watu, basi karatasi isibandikwe ukutani.

Upande wa pili wa karatasi ni mifumo, na hapo ndipo penye kazi kubwa. Mpango ule uliorodhesha mifumo 19. Mkuu wa gishe nilimwachia mitatu tu: daftari la akaunti za wanachama, malipo kwa simu, na mawasiliano kati ya matawi. Mishahara na ripoti za mwezi zinaweza kungoja siku kadhaa bila mwanachama kuumia.

Daftari la akaunti liliandikiwa kwamba litarudi ndani ya saa 4. Niliwauliza mafundi hatua zao, moja baada ya nyingine. Kugundua hitilafu na kutoa uamuzi huchukua dakika 45; kuwasha jenereta na kuthibitisha kwamba mazutu yapo, 15; kuwasha seva ya akiba, 30; kurudisha nakala ya data, saa 2 na nusu; kulinganisha salio kabla ya kufungua gishe, saa 1. Jumla ni saa 5, wala hakuna hatua inayoweza kuanza kabla iliyotangulia haijakwisha. Saa 4 ilikuwa ahadi isiyo na msingi. Naomba pia mwangalie saa inaanza kuhesabiwa lini: fundi alihesabu tangu alipopigiwa simu, ilhali mwanachama aliyesimama kwenye foleni anahesabu tangu gishe ilipofungwa. Muda sahihi ni ule wa mwanachama.

Tulikubaliana kuandika saa 6, ili ibaki saa 1 ya tahadhari, na mstari mmoja chini yake wa kueleza gishe itafanya nini katika saa hizo: itatumia orodha ya salio iliyochapishwa jana jioni, itaweka kikomo cha fedha za kutolewa kwa kila mwanachama, na itaandika stakabadhi zenye namba mfululizo. Nakala ya data ilikuwa ikichukuliwa kila siku saa 4 usiku. Mfumo ukianguka saa 9 alasiri, miamala yote ya siku ile haimo ndani ya nakala, na itaingizwa upya kutoka kwenye vipande vya stakabadhi vilivyobaki kitabuni. Keshia asiyejua hilo atavitupa vipande hivyo jioni.

Mwisho, karatasi iandikwe tarehe na namba ya toleo. Kila miezi mitatu piga namba zote, na kila mwaka pima kwa saa ya mkononi urejeshaji wa daftari la akaunti. Muda uliopatikana ndio uandikwe. Toleo jipya ligawiwe kwa kubadilishana na la zamani, mkono kwa mkono, kwa maana mkuu wa gishe aliyebaki na la zamani atakuwa bado anangojea saa 4.