Barua ya Kuomba Nyongeza Itakayosomwa na Mtu Usiyemjua

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kuja.

Nimefanya kazi katika idara za rasilimali watu kwa miaka mingi, na barua pepe za kuomba nyongeza ya mshahara nimezisoma nyingi. Karibu zote zilinifikia kwa njia ileile. Mfanyakazi amemwandikia meneja wake, meneja ameisoma, kisha ameisukuma kwangu akiwa ameongeza mstari mmoja juu: "Naomba ushauri wako kuhusu hili." Nami nikiisha kuisoma naipeleka kwa mtu wa fedha. Kwa hiyo barua uliyomwandikia mtu mnayefahamiana inaamuliwa na mtu ambaye huenda hajawahi hata kukuona. Hajui kwamba wewe ndiye unayefungua ofisi asubuhi. Anachokijua ni kile kilichoandikwa.

Leo nataka tuichukue barua moja tuiandike upya pamoja. Aliyeiandika ni dada mmoja wa idara ya hesabu. Kazi yake ilikuwa kufuatilia madeni, yaani kutuma ankara na kuhakikisha wateja wanalipa. Alinionyesha rasimu kabla ya kuituma, na amenikubalia niitumie bila jina. Nawasomea:

"Mada: Ombi. Mheshimiwa Meneja, naandika kwa masikitiko makubwa. Nimeitumikia kampuni hii miaka mitatu kwa moyo wangu wote. Kila siku nachelewa kutoka. Tangu mwenzetu aondoke, kazi zake nazibeba mimi. Maisha yamepanda lakini mshahara uko palepale, na aliyekuja juzi analipwa kuliko mimi. Naomba mniangalie kwa jicho la huruma, mniongeze chochote mtakachoona kinafaa, la sivyo itanibidi nifikirie hatima yangu. Samahani kwa usumbufu."

Hakuna uongo hata mmoja humo ndani. Alichoka kweli, na alikuwa na haki ya kuchoka. Lakini hebu ikae mbele ya mtu wa fedha. Ataulizwa: anataka kiasi gani? Hajui. Amefanya nini? Amechelewa kutoka. Na kuchelewa kutoka, kwa mtu asiyekujua, kunaweza kumaanisha una kazi nyingi au kunaweza kumaanisha kazi inakushinda. Halafu kuna lile neno la mwisho kuhusu hatima. Hilo ndilo atakalolikumbuka, na mazungumzo yatahama kutoka kwenye mshahara wake kwenda kwenye swali la kama amekwisha kuanza kutafuta kazi kwingine.

Nilimwomba aweke barua pembeni, anijibu swali moja: kitu gani katika idara yenu kiko tofauti leo kwa sababu wewe upo? Mwanzo alisema hakuna cha ajabu, anafanya kazi yake tu. Nikauliza wateja wanachukua muda gani kulipa. Akafungua faili lake. Mwaka uliotangulia walikuwa wakilipa baada ya siku 62 kwa wastani. Robo mwaka iliyokuwa imepita walilipa baada ya siku 41. Yaani fedha zilikuwa zikiingia wiki tatu mapema, na yeye hakuona kuwa hilo ni jambo la kuandika!

Nikamuuliza alifanyaje, maana hapo ndipo barua nyingi zinapoanguka. Mtu anaandika "nimeboresha ukusanyaji wa madeni" na msomaji hawezi kujua kama ni yeye au ni bahati. Dada huyu alikuwa amebadilisha mambo mawili. Zamani ankara zilitumwa Ijumaa kwa mkupuo. Yeye alianza kuzituma siku ileile mzigo unapotoka. Na zamani mteja alipigiwa simu baada ya kuchelewa. Yeye alianza kumpigia siku tatu kabla ya tarehe ya kulipa, kumuuliza tu kama ankara imefika na haina kasoro. Ankara nyingi zilizokuwa zikichelewa zilikuwa na kosa dogo ambalo mteja hakuwa na haraka ya kulisema.

Lakini kulikuwa na jambo la tatu. Mwezi Juni kampuni ilileta mfumo mpya wa hesabu, na mfumo huo nao ulisaidia. Alitaka tusiutaje. Nilikataa, kwa sababu mtu wa fedha ndiye aliyeununua mfumo huo! Ukijitwalia sifa yake, ataitilia shaka barua nzima. Tukaangalia takwimu za Mei, kabla mfumo haujaanza: siku zilikuwa zimeshafika 47. Basi tukaandika hivyohivyo. Siku 15 kati ya 21 zilipungua mfumo haujawashwa. Sentensi hiyo moja ya kukiri iliipa barua nguvu kuliko sifa zote tulizozifuta.

Sasa tuje kwenye kiasi, na hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoogopa. Tuuite mshahara wake wa msingi 100. Nasema wa msingi makusudi. Ukiomba nyongeza bila kutaja ni ya mshahara upi, unaweza kupewa posho, na posho huondolewa kirahisi. Tena huenda isihesabiwe kwenye michango ya uzeeni.

Alikuwa na sababu tatu: amepata kazi ya ziada, bei za vitu zimepanda, na soko linalipa zaidi. Akazijumlisha. Usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha vitabu vya kampuni na taarifa ya benki, aliourithi kutoka kwa mwenzake, nao ulimchukua saa 6 kati ya 40 za wiki, kwa hiyo akaweka asilimia 15. Kupanda kwa bei akaweka 10. Soko akaweka 17. Jumla asilimia 42, na akaniambia kwa dhati kabisa kwamba hiyo ndiyo haki yake.

Tatizo ni kwamba alikuwa amehesabu kitu kimoja mara tatu. Alikuwa amekusanya matangazo sita ya kazi yaliyotaja mshahara, na ukiugeuza kwa kipimo chetu yalikuwa 108, 112, 116, 118, 121 na 126. Katikati yake ni 117. Lakini yasome hayo matangazo: yote sita yalitaka mtu wa kufuatilia madeni na pia kufanya usuluhishi wa benki. Kwa hiyo zile saa 6 zimo tayari ndani ya 117. Na mishahara hiyo imetangazwa mwaka huu, kwa bei za mwaka huu, kwa hiyo kupanda kwa maisha nako kumo. Kazi ya ziada haiongezi takwimu nyingine. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba ana haki ya kujilinganisha na matangazo hayo. Angekuwa anafuatilia madeni tu, matangazo hayo yasingemhusu.

Basi tukabaki na asilimia 17, na tukaitaja moja kwa moja. Alipenda kuandika "kati ya 12 na 20". Nilimzuia. Ukimpa mtu wa bajeti viwango viwili, cha chini ndicho anachokiandika.

Hii ndiyo barua iliyotumwa:

"Mada: Ombi la kupitia mshahara wangu wa msingi kabla ya bajeti mpya.

Ndugu Meneja, habari za kazi. Naomba mshahara wangu wa msingi uongezwe kwa asilimia 17 kuanzia mwaka mpya wa bajeti.

Mwaka jana wateja wetu walikuwa wakilipa baada ya siku 62 kwa wastani. Robo mwaka iliyopita wamelipa baada ya siku 41. Nilianza kutuma ankara siku mzigo unapotoka, na kuwapigia wateja siku tatu kabla ya tarehe ya kulipa. Mfumo mpya umesaidia tangu Juni. Kabla haujaanza tulikuwa tumeshafika siku 47.

Tangu Machi nafanya pia usuluhishi wa hesabu za benki. Hesabu za mwezi sasa zinafungwa siku ya 5 ya kazi. Awali ilikuwa siku ya 11.

Kiasi ninachoomba nimekipata kwa kulinganisha matangazo sita ya miezi mitatu iliyopita, ya kazi yenye majukumu haya mawili katika kampuni zinazokaribiana na yetu kwa ukubwa. Mshahara wa katikati umezidi wangu kwa asilimia 17. Nimeyaambatanisha.

Naomba nusu saa wiki hii au ijayo tulizungumze. Ahsante."

Ombi liko mwanzo, kwa sababu mtu wa pili na wa tatu huenda wasisome zaidi ya hapo. Masikitiko hayamo. Ile "samahani kwa usumbufu" tuliiondoa kwa sababu hakukuwa na kosa la kuombea radhi. Na mada inataja bajeti kwa kuwa ombi likifika bajeti imeshafungwa, hata meneja anayekubaliana nawe hana pa kulitoa.

Niseme mpaka wa njia hii. Mahali ambapo mishahara imefungwa kwenye ngazi na madaraja yaliyopangwa, matangazo ya kampuni nyingine hayatakusaidia, maana meneja hana mamlaka ya kutoka nje ya jedwali. Huko unaomba kupandishwa daraja, na unalinganisha kazi unayoifanya na maelezo ya daraja la juu, jukumu kwa jukumu.

Naona mkono. Ndiyo, mama, sema.

Mama anauliza: yule aliyekuja juzi na analipwa zaidi, mbona tumemwacha? Tumemwacha kwenye barua. Ukimtaja, mjadala unakuwa juu yake: ana cheti gani, nani alikwambia mshahara wake. Lakini habari yenyewe ina faida. Inakuonyesha kwamba kampuni imekubali kulipa bei ya soko kwa mtu mpya, kwa hiyo matangazo yako hayako mbali na wanavyofikiri wao wenyewe. Kama kuna dalili kwamba tofauti hiyo ni ya kibaguzi, basi hilo ni lalamiko, na lina barua yake na njia yake tofauti. Usilichanganye na ombi.

Na kwa aliyeuliza kuhusu matokeo: meneja aliisukuma barua juu bila kubadilisha neno, akaongeza tu, "Takwimu za siku nimezihakiki, ni sahihi." Dada alipewa asilimia 12 mwanzoni mwa bajeti, na zile 5 zikaandikwa kwenye barua yake ya nyongeza pamoja na tarehe ya kuanza, miezi sita baadaye. Tarehe hiyo aliiomba yeye mwenyewe katika ile nusu saa.