Watu hasi milioni 57: mhadhara kuhusu namba ya hali ya matriki

Nashukuru kwa kunikaribisha. Sina salamu ndefu, kwa hiyo naomba tutazame ubaoni moja kwa moja. Nimeandika milinganyo miwili:

x + y = 2
x + 1.0001y = 2.0001

Hakuna humu ndani atakayeshindwa na hii. Toa wa kwanza kwenye wa pili, unabaki na 0.0001y = 0.0001. Basi y ni 1, na x ni 1.

Sasa tuseme ile 2.0001 ya upande wa kulia imetoka kwenye kipimo, na chombo kimekosea kidogo tu kwenye tarakimu ya mwisho kikasoma 2.0002. Rudia hesabu. Safari hii y inakuwa 2 na x inakuwa 0. Data imebadilika kwa asilimia 0.005, majibu yamebadilika kwa asilimia mia. Na hapa sijatumia kompyuta wala sijakata desimali popote. Kila hatua ni sahihi kabisa. Kwa hiyo tusiilaumu mashine, tatizo limo ndani ya milinganyo yenyewe.

Ukiichora utaona sababu. Mlinganyo kila mmoja ni mstari mnyoofu, na mistari hii miwili karibu ilaliane. Mistari inayokatana kwa pembe pana, ukisogeza mmoja kidogo, sehemu ya makutano nayo husogea kidogo. Hii yetu, ukigusa mmoja tu, makutano yanakimbia mbali.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiki. Mtu anakuletea jibu la x = 0, y = 2 kwa milinganyo ile ya awali. Unalihakikije? Sote tulifundishwa shuleni: rudisha kwenye mlinganyo uone kama linakubali. Haya, wa kwanza unatoa 2 kamili. Wa pili unatoa 2.0002 badala ya 2.0001. Tofauti hii, ambayo nitaiita baki, ni 0.0001. Wengi wetu tungeweka alama ya vema na kuendelea. Na jibu limekosea kwa 1 nzima katika kila kisichojulikana! Baki dogo linakuambia kwamba jibu lako linakaribia kutimiza milinganyo, lakini umbali wake kutoka kwenye jibu la kweli halikuambii.

Kinachounganisha hayo mawili ndicho kinaitwa namba ya hali ya matriki. Jina hili lilianza kutumika kwenye makala ya mwanahisabati Alan Turing ya mwaka 1948 kuhusu makosa ya kukata desimali. Unaikokotoa kwa kuzidisha ukubwa wa matriki kwa ukubwa wa kinyume chake:

κ(A) = ‖A‖ · ‖A⁻¹‖

Ukubwa unapimwa kwa njia kadhaa, na leo natumia ile rahisi kwa mkono: kwenye kila mstari wa matriki jumlisha namba bila kujali alama ya kutoa, kisha chukua jumla iliyo kubwa kuliko zote. Matriki yetu ni vizidishi vya x na y, yaani 1 na 1 mstari wa juu, 1 na 1.0001 mstari wa chini, nayo inatoa 2.0001. Kinyume chake kina 10001 na −10000 mstari wa juu, −10000 na 10000 mstari wa chini, kwa hiyo ukubwa wake ni 20001. Zidisha, unapata 40,004 na kidogo.

Maana yake ni kwamba kosa la asilimia kwenye upande wa kulia linaweza kukuzwa hadi mara 40,004 linapofika kwenye jibu. Chukua asilimia 0.005, zidisha, unapata kama asilimia 200. Sisi tuliona 100. Hiyo si hitilafu, kwa sababu namba ya hali ni dari: inataja baya kuliko yote linaloweza kutokea, na mara nyingi kinachotokea kiko chini yake. Ukitaka kanuni ya kubeba kichwani, hesabu sifuri. Namba ya hali ikiwa 10⁴, jiandae kupoteza tarakimu 4 zenye maana. Ikiwa 10¹⁰, tarakimu 10. Kompyuta kwa kawaida hubeba takriban tarakimu 16, basi ikifika 10¹⁶ inaweza kukuandikia jibu refu lenye desimali kumi na tano, na isiwepo hata moja ya kuaminika.

Naona mkono. Ndiyo, dada.

(Swali: “Mwalimu, si tungetazama tu kigainishi, yaani determinanti? Ikikaribia sifuri tunajua matriki ni mbaya.”)

Swali zuri, na ni mtego wa siku nyingi. Chukua matriki ya 10 kwa 10 yenye 0.01 kwenye ulalo na sifuri kwingine kote. Determinanti yake ni 10⁻²⁰, ndogo mno. Lakini kutatua milinganyo yake ni kugawanya kila namba kwa 0.01 tu, na namba yake ya hali ni 1, bora kuliko zote zinazowezekana. Determinanti hubadilika ukibadili mita kuwa kilomita kwenye kila mlinganyo. Namba ya hali haibadiliki ukizidisha matriki nzima kwa namba moja.

Sasa tuje kwenye mfano ambao wengi wenu mtaukuta kazini. Sensa za Tanzania, kwa mamilioni ya watu: 1967 watu 12.3, 1978 watu 17.5, 1988 watu 23.1, 2002 watu 34.4, 2012 watu 44.9, na 2022 watu 61.7. Tunatafuta mlinganyo wa kipeo cha pili, y = at² + bt + c, unaopita karibu na nukta hizo sita, t ikiwa ni mwaka. Unaingiza kwenye Excel, unachora, unaomba mstari wa mwelekeo na mlinganyo wake uandikwe juu ya grafu. Ukionyeshwa kwa tarakimu tano hivi, au chini ya hapo, unasomeka hivi:

y = 0.0123t² − 48.329t + 47360

Mchoro unapendeza, mstari unapita vizuri katikati ya nukta. Mtu ananakili mlinganyo kwenye ripoti, kisha mwenzake anaweka 2032 akadirie sensa ijayo. Tufanye pamoja. 2032 mara yenyewe ni 4,129,024, mara 0.0123 ni 50,787.0. Toa 48.329 mara 2032, yaani 98,204.5. Ongeza 47,360. Jibu ni −57.5. Watu hasi milioni 57 na nusu.

(Kicheko.)

Cheka, lakini tafuta kosa liko wapi. Kizidishi cha t² kwa ukamilifu zaidi ni 0.0123327. Kilichokatwa ni 0.0000327, ambayo ni kama robo ya asilimia. Ila inazidishwa kwa milioni nne na ushee, na inaleta upotovu wa watu milioni 135. Ukitumia vizidishi kamili, mlinganyo uleule unatoa milioni 77.3. Tazameni pia ile 47,360 ya mwisho: hiyo ndiyo “idadi ya Watanzania” ya mwaka sifuri, watu bilioni 47. Namba kubwa tatu zinapambana ili zibaki na tofauti ndogo ya 77, na hapo ndipo tarakimu zinapopotea.

Namba ya hali ilikuwa imeshalisema hili kabla ya yote. Kati ya 1967 na 2022, t na t² zinapanda karibu kwa pamoja, kwa hiyo safu wima tatu za matriki (1, t, t²) karibu zielekee upande mmoja, kama ile mistari yetu miwili ya mwanzo. Pimeni wenyewe:

```python
import numpy as np
t = np.array([1967, 1978, 1988, 2002, 2012, 2022])
for x in (t, t - 1995, (t - 1995) / 10):
    print(np.linalg.cond(np.vander(x, 3)))
```

Hapa ukubwa unapimwa kwa njia nyingine, lakini maana ni ileile. Ya kwanza inatoa takriban 5.4 × 10¹⁰. Ya pili, ambayo mwaka umehesabiwa kuanzia 1995, inatoa karibu 750. Ya tatu, kwa miongo badala ya miaka, haifiki 8. Data ni ileile, na mkunjo unaopatikana ni uleule. Tulichobadilisha ni mahali pa kuanzia kuhesabu tu. Ukiandika u = t − 1995, mlinganyo unakuwa y = 0.0123u² + 0.8782u + 27.964. Kateni desimali vilevile, wekeni u = 37, mtapata 77.3. Na 27.964 sasa ina maana ya kueleweka: ni makadirio ya mwaka 1995.

Niongeze tahadhari, kwa sababu ile 5.4 × 10¹⁰ inatisha kupita kiasi. Sehemu yake kubwa inatokana na vipimo tu: safu ya t² ina namba za milioni nne, safu ya 1 ina moja. Ukigawa kila safu kwa urefu wake ili zote ziwe sawa, namba inashuka hadi kati ya 50,000 na 60,000. Hiyo ndiyo inayopima jinsi safu zilivyolaliana kweli, na ndiyo ninayoitazama kwanza. Programu nzuri, `np.polyfit` mojawapo, hufanya usawazishaji huo zenyewe. Kisichowezekana kwa usawazishaji ni kuondoa zile 50,000. Hizo zinaondoka kwa kuhamisha mwanzo wa kuhesabu.

Na msizidishe kila tatizo la namna hii kwa Aᵀ, yaani A ambayo mistari yake imegeuzwa kuwa safu, ili mpate AᵀA kabla ya kutatua, ingawa vitabu vingi vinaanzia hapo. Kufanya hivyo kunaipa namba ya hali kipeo cha pili: 10⁵ inakuwa 10¹⁰, na tarakimu zinazopotea zinakuwa maradufu. Njia ya QR, inayoivunja matriki kuwa zao la matriki mbili rahisi, Q na R, inatatua bila kupitia huko.

Swali la mwisho, kaka wa mbele.

(Swali: “Kwa hiyo tukitumia tarakimu 32 badala ya 16, tumemaliza?”)

Umemaliza upande wa kompyuta peke yake. James Wilkinson, mtaalamu wa makosa ya hesabu za kompyuta, alituonyesha kwamba njia ya kuondoa visivyojulikana, ikifanywa kwa uangalifu, karibu kila mara hutoa jibu kamili la milinganyo iliyo jirani kabisa na yako. Ndiyo maana baki karibu kila mara hutoka dogo. Tarakimu zaidi zinausogeza ule mfumo jirani karibu nawe zaidi. Lakini turudi kwenye 2.0001. Ikiwa chombo chako hakiaminiki kwenye desimali ya nne, hakuna kompyuta itakayojua kama ilikuwa 2.0001 au 2.0002, na x yako iko popote kati ya 0 na 1. Hapo unachoweza ni kwenda kupima upya, au kutafuta mlinganyo mwingine unaoukata ule wa kwanza kwa pembe pana.