Ukurasa Mmoja, Picha Nne

Asanteni. Wenye viti vya nyuma mnaona ukutani? Huu ni ukurasa wa albamu ya shangazi yangu wa Tanga: karatasi nyeusi, picha nne zimeshikwa na vile vipembe vya karatasi, na maandishi ya penseli nyeupe chini yake. Nimeuskani mzima kwa nukta 300 kwa inchi. Ninachotaka ni mafaili manne, kila picha imekatwa peke yake na imesimama wima.

Kompyuta haijui picha ni nini. Inachoona ni weupe na weusi, basi. Kwenye skani hii karatasi nyeusi ina mwangaza wa kama 35 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, na ule ukingo mweupe unaozunguka picha za zamani uko kwenye 200 hivi. Nikiweka kizingiti katikati, tuseme 110, kila kilicho juu yake kinakuwa cheupe na kilichobaki cheusi. Ndani ya picha patakuwa na madoa ya kila aina, lakini hayanisumbui, maana ukingo umefunga duara. Naiambia programu ichukue mzingo wa nje tu na kujaza ndani. Ule ukingo ambao watu wengi hutaka kuuondoa ndio unaotufanyia kazi hapa.

Picha tatu zina upana wa sentimita 9 kila upande, kwa hiyo nategemea pikseli 1063. Ya kwanza ilitoka 1061. Safi. Ya pili ilitoka na urefu wa sentimita 10.4, tena imeinama kidogo. Tazameni chini yake: shangazi ameandika “Raskazone 1967”, na mkia wa herufi umegusa ukingo. Kompyuta imeona picha na maandishi ni kitu kimoja.

Dawa yake ni kuyala maandishi bila kuila picha. Mstari wa penseli una unene wa milimita 1, yaani pikseli 12. Baada ya kujaza umbo, nalipitisha kwenye `cv2.MORPH_OPEN` ya OpenCV, maktaba ya Python ya kuchakata picha, kwa mraba wa pikseli 25. Chochote chembamba kuliko huo mraba kinafutika, na picha inabaki. Hayo yanafanyika kwenye nakala ya kutafutia mipaka tu. Ukurasa wenyewe hauguswi, na mimi huuhifadhi mzima, kwani bila jina la mahali, “Raskazone”, ile ni picha ya bahari yoyote.

Ya tatu ilitoka imelala ubavu. Ilikuwa imeinama digrii 2.4 tu, ila `minAreaRect`, inayotafuta mstatili mdogo kabisa unaolizunguka umbo na pembe yake, ilitoa 87.6. Tangu OpenCV 4.5.1 pembe hiyo huhesabiwa kati ya 0 na 90, kwa hiyo mwinamo mdogo wa upande mmoja hutokea kama pembe kubwa. Tunairekebisha hivi:

```python
(cx, cy), (w, h), p = cv2.minAreaRect(umbo)
if p > 45:
    p, w, h = p - 90, h, w
M = cv2.getRotationMatrix2D((cx, cy), p, 1)
H, W = ukurasa.shape[:2]
wima = cv2.warpAffine(ukurasa, M, (W, H), flags=cv2.INTER_CUBIC)
picha = cv2.getRectSubPix(wima, (int(w), int(h)), (cx, cy))
```

Ya nne ndiyo iliyonichosha. Ni harusi ya usiku, na mtu aliipunguza kwa mkasi hadi ukingo wote ukaisha. Rula inasema sentimita 8 kwa 8, kompyuta ikanipa 6.1 kwa 8. Nani amekatwa? Bibi aliyesimama pembeni na buibui lake jeusi, ameyeyukia kwenye karatasi nyeusi. Hapo ukicheza na kizingiti unapoteza muda, kwa sababu hakuna tofauti ya kushika. Kwa bahati vipembe havijagandishwa kwenye picha. Niliichomoa taratibu, nikapenyeza karatasi nyeupe nyuma yake, nikaskani tena na kukigeuza kizingiti: sasa kilicho cheusi ndicho picha. Ingekuwa imebandikwa kwa gundi ningeziweka pembe nne kwa mkono.

Naam, mama? Anauliza kwa nini nisikate zote kwa mkono. Shikamoo mama. Kwa ukurasa mmoja ningekata. Albamu hii ina kurasa 60. Kwa hiyo naiacha programu ifanye yote, kisha napitia orodha ya vipimo tu: isiyokaribia 9 kwa 9 ndiyo naifungua. Ikitoka 9 kwa 18, najua mbili zimegusana.

Na mzee pale anauliza: picha imenyooka, mbona bahari bado imelala upande? Ni kweli. Nimenyoosha karatasi. Mpiga picha mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mchanga na kamera imeinama, na hilo nimemwachia.